Saa Saba Mchana Bukoba, London Saa Ngapi?

Harusi ya Kihaya siku hizi hupangwa katika nchi nne kwa wakati mmoja. Bwana harusi yuko Muleba mjini, wazee wako Kamachumu, dada anafanya kazi Muscat, mjomba anaishi London, na kaka mkubwa, ambaye ndiye mchangiaji wa kutegemewa, yuko Columbus, jimbo la Ohio. Kamati haikai tena sebuleni peke yake, inakaa pia kwenye simu. Tuchukue kamati ya namna hiyo iliyokubaliana kukutana kila Jumapili saa 12 jioni kwa saa za Bukoba, kuanzia Januari mwaka 2026.

Januari na Februari mambo yanakwenda sawa. Ikifika saa 12 jioni Bukoba, Muscat ni saa 1 usiku, London ni saa 9 alasiri na Columbus ni saa 4 asubuhi. Kila mtu ameshaizoea saa yake. Kaka wa Columbus anajua kwamba akimaliza kunywa chai ya asubuhi, simu itaita.

Halafu inafika Jumapili ya tarehe 8 Machi. Kaka anakaa tayari saa 4 asubuhi, kama kawaida yake, na hakuna anayepiga. Anasubiri dakika 20, kisha anaandika: “Mdogo wangu, mbona kimya? Kikao kimeahirishwa?” Bwana harusi anashangaa: “Shikamoo kaka. Hapana, huku ndiyo kwanza saa 11 na dakika 20, bado tunawasubiri wazee.” Wiki tatu baadaye, tarehe 29 Machi, yanamkuta mjomba wa London yale yale. Dada wa Muscat peke yake hajawahi kupishana na kikao.

Hakuna aliyesoma saa vibaya. Kilichotokea ni kwamba Marekani ilisogeza saa zake mbele tarehe 8 Machi, Uingereza ikafuata tarehe 29 Machi, na Oman haikufanya lolote. Bukoba nayo ilibaki pale pale ilipokuwa. Kamati hii inahitaji kikaratasi kimoja cha kubandika ukutani: jedwali la tofauti ya saa, lenye safu mbili za tarakimu na sio moja.

Safu mbili zinahitajika kwa sababu ya mahali Kagera ilipo. Bukoba iko takriban nyuzi moja na theluthi kusini mwa ikweta. Hapo mchana mrefu kuliko yote katika mwaka na ule mfupi kuliko yote hupishana kwa dakika kama 9 tu. London ni habari nyingine kabisa: mwezi Juni mchana unapita saa 16 na nusu, na Desemba haufiki saa 8. Nchi zenye tofauti kubwa kiasi hicho ndizo zilizoona faida ya kuchezesha saa, ili mwanga wa asubuhi na mapema, watu wakiwa bado wamelala, uhamishiwe jioni. Ujerumani ilianza tarehe 30 Aprili 1916, katikati ya Vita ya Kwanza ya Dunia, kwa nia ya kuokoa nishati ya taa. Uingereza ikaiga wiki tatu baadaye. Kwa mkulima wa Muleba, ambaye jua lake huchomoza karibu saa ile ile mwaka mzima, kusogeza saa hakungeongeza chochote.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya jedwali ni nyepesi: saa ya nyumbani haisogei kamwe. Tanzania iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, ile inayoandikwa UTC, mwaka mzima. Pengo likibadilika, aliyesogea ni yule wa upande wa pili.

Kagera ina upekee mwingine unaostahili kuelezwa, kwa kuwa unawachanganya hata watu makini. Dunia huzunguka nyuzi 15 kwa saa moja, na saa ya Afrika Mashariki imepigiwa hesabu kwenye nyuzi 45 mashariki, mstari unaopita karibu na Mogadishu. Bukoba iko mbali sana magharibi ya mstari huo, kwenye nyuzi 31.8. Ndiyo maana jua la utosi, ambalo wengi wanalihesabu kuwa la saa 6 kamili, mjini Bukoba hufika kwa wastani saa 7 kasoro dakika 7. Dar es Salaam hufika nusu saa kabla. Mtoto wa shule wa Muleba anayetoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi anatembea kabla ya jua kutoka, kwa kuwa huchomoza kwa wastani mnamo saa 1 kasoro dakika 10.

Kwa jua, Bukoba ni jirani wa Kigali. Kwa saa, ni mwenzake Mogadishu. Msafiri huliona hilo mpakani. Akitoka Bukoba kwenda kaskazini na kuvuka Mutukula kuingia Uganda, haguswi na chochote, kwani Kampala na Bukoba wana saa moja. Akishuka kusini magharibi hadi Ngara na kuvuka daraja la Rusumo kuingia Rwanda, anarudisha saa nyuma kwa saa 1. Burundi ni vivyo hivyo. Aliyekunywa chai upande wa Tanzania saa 4 asubuhi anaweza kuvuka na kukuta upande wa pili ni saa 3 na dakika chache. Tiketi ya basi au ya ndege huandikwa saa ya mahali husika: saa ya kuondoka ni ya kule unakoondokea, na saa ya kufika ni ya kule unakofikia. Asiyelijua hilo huona safari ya kwenda Kigali imefupishwa kwa saa nzima na ile ya kurudi imerefushwa.

Sasa jedwali lenyewe. Tarakimu zinaonyesha mji huo uko wapi ukilinganisha na Bukoba na Muleba. “Nyuma” maana yake toa kutoka saa ya nyumbani, na “mbele” maana yake ongeza.

| Mji | Novemba hadi Machi | Aprili hadi Oktoba | Hubadilika? |
|---|---|---|---|
| Kampala, Nairobi | sawa | sawa | hapana |
| Doha, Riyadh, Istanbul | sawa | sawa | hapana |
| Kigali, Bujumbura, Juba | nyuma saa 1 | nyuma saa 1 | hapana |
| Johannesburg | nyuma saa 1 | nyuma saa 1 | hapana |
| Muscat, Dubai | mbele saa 1 | mbele saa 1 | hapana |
| Mumbai | mbele saa 2 na nusu | mbele saa 2 na nusu | hapana |
| Guangzhou | mbele saa 5 | mbele saa 5 | hapana |
| Phoenix | nyuma saa 10 | nyuma saa 10 | hapana |
| Cairo | nyuma saa 1 | sawa | ndiyo |
| Berlin, Geneva, Stockholm | nyuma saa 2 | nyuma saa 1 | ndiyo |
| London | nyuma saa 3 | nyuma saa 2 | ndiyo |
| New York, Columbus, Toronto | nyuma saa 8 | nyuma saa 7 | ndiyo |
| Houston, Minneapolis | nyuma saa 9 | nyuma saa 8 | ndiyo |
| Los Angeles | nyuma saa 11 | nyuma saa 10 | ndiyo |
| Sydney | mbele saa 8 | mbele saa 7 | ndiyo |

Vichwa vya safu vimeandikwa kwa miezi ili jedwali lisomeke haraka. Tarehe kamili za mpito zinakuja hapa chini, na ndizo zinazoamua ndani ya miezi ya mpito.

Sehemu ya juu ya jedwali ndiyo yenye utulivu, na humo ndimo walimo ndugu wengi walioko Uarabuni. Dada wa Muscat yuko mbele kwa saa 1 Januari na Julai vilevile. Lakini saa moja ya ukutani haielezi jua lake. Muscat iko nyuzi karibu 27 mashariki ya Bukoba, na kwa jua wametangulia kwa zaidi ya saa 1 na dakika 45. Hilo huonekana wazi Ramadhani inapoangukia Februari na Machi. Magharibi ya Muscat huingia Bukoba ikiwa ni saa 11 na dakika chache jioni, na mfungaji wa Bukoba ana karibu saa 2 nzima za kusubiri kabla ya kufuturu. Anayetaka kumpigia dada yake kwa utulivu baada ya futari ya huko asitegemee kutazama jua la nyumbani. Atazame saa, aongeze moja.

Ulaya ndiyo rahisi zaidi kati ya wale wanaobadilika, kwa kuwa nchi za Umoja wa Ulaya, Uingereza na Uswisi husogea kwa pamoja, dakika ile ile. Husogeza saa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudisha nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, saa 7 usiku kwa UTC. Bukoba wakati huo ni saa 10 alfajiri. Anayelala usiku wa kuamkia Jumapili hiyo ya Machi akiwa amepishana na Berlin kwa saa 2 anaamka wakiwa wamepishana kwa saa 1. Mwaka 2026 mipito hiyo ni tarehe 29 Machi na 25 Oktoba.

Badiliko hilo la saa moja lina maana hata kwa mtu asiye na ndugu Ulaya, maadamu ana kahawa. Kagera inalima zaidi robusta, na bei ya robusta duniani hutazamwa London, kwenye soko la ICE, wakati arabika hutazamwa New York. Soko la robusta hufunguliwa saa 3 asubuhi ya London na kufungwa saa 11 na nusu jioni ya huko. Kwa saa za Bukoba, kuanzia mwisho wa Machi hadi mwisho wa Oktoba, hiyo ni kuanzia saa 5 asubuhi hadi saa 1 na nusu usiku. Msimu mkubwa wa kuchuma robusta Kagera, unaoanza mnamo Mei, unaangukia ndani ya kipindi hicho. Kiongozi wa chama cha msingi anayetaka kujua bei ilivyofunguka leo anaweza kuiuliza kabla ya chakula cha mchana. Baada ya tarehe 25 Oktoba ufunguzi unahamia saa 6 mchana. Anayeendelea kutazama simu saa 5 asubuhi mwezi Novemba ataiona bei ya jana na kudhani soko limetulia.

Marekani inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu tatu.

Kwanza, tarehe zake si za Ulaya. Tangu mwaka 2007 Marekani husogeza saa mbele Jumapili ya pili ya Machi na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba. Mwaka 2026 ni tarehe 8 Machi na 1 Novemba. Kati ya tarehe 8 na 29 Machi, Columbus imeshahamia safu ya pili ya jedwali na London bado iko safu ya kwanza. Oktoba hali inageuka: kuanzia tarehe 25 hadi siku ya kuamkia 1 Novemba, London imerudi safu ya kwanza na Columbus bado iko safu ya pili. Wiki hizo ndizo zinazovuruga vikao vya watu wa mabara matatu, na zinafaa kuzungushiwa duara kwenye kalenda.

Pili, Marekani haisogei kwa mpigo. Kila kanda husubiri saa 8 usiku ya kwake. New York na Columbus zinaposogea Machi, Bukoba ni saa 4 asubuhi ya Jumapili, watu wako kanisani. Los Angeles inasogea Bukoba ikiwa ni saa 7 mchana.

Tatu, Phoenix. Jimbo la Arizona, isipokuwa ardhi ya Wanavajo, halisogezi saa. Kwa hiyo Phoenix iko nyuma ya Bukoba kwa saa 10 mwaka mzima. Mwezi Julai Phoenix na Los Angeles zina saa moja, na Januari zinapishana. Mwenye ndugu Arizona aliyeambiwa kuwa “Marekani wamebadilisha saa” asiguse mstari wa Phoenix.

Sydney iko kinyume cha wote hao, kwa kuwa majira yake ya joto ni wakati wa baridi ya Ulaya. Husogeza mbele Jumapili ya kwanza ya Oktoba na kurudisha Jumapili ya kwanza ya Aprili. Brisbane na Perth, katika nchi hiyo hiyo ya Australia, hazisogei kabisa.

Turudi kwenye kamati ya harusi, tuipitishe katika jedwali mwaka mzima. Kikao kimefungwa kwenye saa 12 jioni ya Bukoba. Hadi tarehe 1 Machi Columbus ni saa 4 asubuhi na London saa 9 alasiri. Tarehe 8, 15 na 22 Machi Columbus ni saa 5 asubuhi, London bado saa 9. Kuanzia 29 Machi Columbus ni saa 5 na London saa 10 alasiri, na inakaa hivyo miezi yote ya katikati. Tarehe 25 Oktoba London inarudi saa 9, na tarehe 1 Novemba Columbus inarudi saa 4. Muscat ni saa 1 usiku tangu mwanzo hadi mwisho. Mipito minne, yote ya wenzao wa mbali. Bwana harusi akituma ujumbe Ijumaa kabla ya kila mpito, kikao hakimpotezi mtu.

Jambo la kukubaliana mapema ni saa ya nani inayotawala. Kamati hii ilichagua saa ya Bukoba, hivyo wa mbali ndio wanaojirekebisha. Usaili wa kazi au darasa la chuo cha Marekani hutawaliwa na saa ya huko, na hapo aliyeko Muleba ndiye anayesogea. Tuseme barua ya mwaliko inasema Jumanne tarehe 17 Machi 2026, saa 4 asubuhi, saa za New York. Anayetumia pengo la saa 8 atajiandaa kwa saa 12 jioni na kukuta usaili umekwisha. Siku hiyo pengo ni saa 7, kwa hiyo ni saa 11 jioni. Barua nyingi huongeza herufi EST, ambazo kisheria ni saa ya majira ya baridi tu. Saa ya majira ya joto ni EDT. Waandishi wengi huandika EST mwaka mzima kwa mazoea. Ukiziona herufi EST kati ya Machi na Novemba, mwandikie aliyekualika na utaje saa ya nyumbani: “Nimeelewa kuwa ni 17:00 kwa saa za Tanzania, sivyo?” Jibu la neno moja linamaliza shaka.

Kosa lingine linatoka kwenye namna ya Kiswahili ya kuhesabu saa. Binamu aliyekulia London akiandikiwa “kikao saa 12” anaweza kujitokeza 12:00, yaani saa 6 mchana. Pengo lenyewe halijali namna ya kuhesabu: nyuma saa 3 ni nyuma saa 3, iwe umeanza na saa 12 jioni au 18:00. Makosa huingia mtu akichanganya namna mbili katikati ya hesabu. Ni salama kutoa au kuongeza kwa Kiswahili hadi mwisho, kisha kuandika jibu kwa namna zote mbili: saa 12 jioni (18:00).

Tarehe nayo iangaliwe. Ukitoa saa 11 kutoka saa 2 asubuhi ya Jumatatu Bukoba, unafika saa 3 usiku Los Angeles, na huko bado ni Jumapili. Pole za msiba au salamu za siku ya kuzaliwa zikitumwa asubuhi ya hapa, kule zinafika jana yake.

Simu inaweza kufanya hesabu yote hii, kwenye sehemu ya saa ya dunia, mradi saa ya simu yenyewe ni sahihi. Kwa wakazi wa Ngara na wasafiri wa Rusumo hilo si jambo la kudhania. Simu iliyoachwa ijiwekee saa yenyewe ikinasa mnara wa Rwanda au Burundi inaweza kurudi nyuma saa nzima bila mwenyewe kujua. Dalili ni rahisi kuiona: saa ya simu inapishana na ya redio kwa saa 1 kamili. Dawa ni kuingia kwenye mipangilio, kuzima saa ya kujiwekea na kuchagua Dar es Salaam au Nairobi kwa mkono. Kwenye orodha za kompyuta jina lake ni `Africa/Dar_es_Salaam`.

Jedwali hili lina umri, maana serikali hubadili mawazo. Juba ilikuwa sawa na Bukoba hadi Sudan Kusini iliporudisha saa nyuma tarehe 1 Februari 2021. Istanbul iliacha kusogea mwaka 2016. Cairo ilirudia kusogea mwaka 2023, kuanzia Ijumaa ya mwisho ya Aprili hadi Alhamisi ya mwisho ya Oktoba. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwaka 2019 kuacha utaratibu huu, lakini nchi wanachama hazikuafikiana, na saa zikaendelea kusogezwa. Mistari ya “hapana” na ya “ndiyo” ihakikiwe mara moja kwa mwaka, mwezi Februari, kabla ya mpito wa kwanza wa Marekani.

Kwa mwaka 2027, kanuni zikibaki kama zilivyo, tarehe za kuandika pembeni ya jedwali ni hizi: Marekani 14 Machi na 7 Novemba, Ulaya 28 Machi na 31 Oktoba, Sydney 4 Aprili na 3 Oktoba. Wiki za mchanganyiko zitakuwa mbili Machi, kuanzia tarehe 14 hadi 28, na moja kuanzia 31 Oktoba hadi 7 Novemba.